Aliye karibu na bafle ndiye anayeumia

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye harusi Kasabinyole, huku kwetu Mulekera, mjini Beni. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba mbili, viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, na mbele kabisa, kushoto na kulia kwa meza ya maharusi, yalisimama mabafle mawili meusi yanayomfikia mtu mzima kifuani. Yaliwekwa chini, kwenye udongo, yakiwatazama wageni. Kwenye bafle la kulia walijibandika watoto sita au saba. Walikuwa wakiweka viganja kwenye wavu wa chuma ili wasikie upepo unavyowapuliza kila besi inapopiga, kisha wanacheka. Mmoja wao, wa miaka kama minne hivi, aliegemeza shavu lake hapo hapo, sikio likitazama spika, akafumba macho kama anayetaka kulala.

Hakuna mtu mzima aliyemwondoa. Mama yake alikuwa akihudumia chakula, baba sikumjua. Na mimi nilikaa dakika kadhaa nikitazama kabla ya kuinuka na kumshika mkono. Dakika hizo nilizokaa ndizo zinazonifanya niandike leo, kwa sababu mimi sina kisingizio cha kutojua. Ujanani nilikuwa fundi wa sono wa kwaya kwa miaka saba. Kiti changu kilikuwa hatua mbili kutoka bafle la upande wa kushoto, na sikio langu la kushoto hadi leo linalia usiku kama nyenje walioingia chini ya kitanda. Halinyamazi. Limezoea kulia, nami nimezoea kulala nalo.

Kelele kwetu huzungumzwa kama ugomvi wa majirani. Mgonjwa hakulala, mwanafunzi ameshindwa kusoma, shefu wa mtaa ameitwa, kanisa limelaumiwa, msikiti umelaumiwa. Nchi nyingine za ukanda wetu nazo zimelitazama jambo hili kwa jicho hilo hilo. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinaweka kikomo cha desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya ibada. Kigali, Machi 2018, serikali ilifunga makanisa zaidi ya 700, kelele ikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na katika wilaya ya Nyarugenge misikiti ikazuiwa kuadhini kwa vipaza sauti. Katika yote hayo anayelindwa ni yule aliye nje ya ukuta, aliyekosa usingizi. Simdharau. Lakini usingizi uliokosekana leo unaweza kulipwa kesho. Ninayemtetea mimi ni aliye ndani ya ukuta: mgeni aliyekaribishwa kwa heshima akapewa kiti cha mbele, mwanakwaya, mpiga ngoma, mtoto aliyebandika shavu. Huyo anapoteza kitu ambacho hakirudi, na hakuna anayemsemea kwa sababu yeye mwenyewe anafurahi.

Tuifanyie hesabu harusi ile ya Kasabinyole. Ni hesabu ya kukadiria, lakini kila fundi wa sono anaweza kuirudia kwa bafle lake.

Watu hutazama wati. Bafle limeandikwa wati 1000 na mwenye nalo anajivunia. Namba hiyo inaeleza kiasi cha umeme ambacho spika inaweza kuvumilia kwa muda mfupi kabla ya kuungua. Haielezi ukubwa wa sauti itakayotoka. Kinachoeleza sauti ni namba nyingine, ndogo, iliyoandikwa nyuma ya bafle au kwenye karatasi yake: sauti inayotoka ukilipa wati 1 tu na kusimama mita 1 mbele yake. Kwa mabafle mengi ya sherehe namba hiyo iko karibu na desibeli 97. Soma tena: wati 1 tu, na tayari tuko kwenye 97. Wati zikifika 10 sauti inapanda hadi 107. Mziki wa harusi, ukichukua wastani wa vishindo na vituo vyake, hutumia wati 10 kwa urahisi hata pale ampli inapoonekana haijasumbuliwa.

Tuseme basi ni desibeli 107 kwa mita 1. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Mita 2 ni 101. Mita 4 ni 95. Mita 8 ni 89. Mita 16, kule nyuma wanakopika na wazee walikojitenga ili wazungumze, ni 83.

Sasa weka muda. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya kazini Marekani kinasema sikio la mtu mzima linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ukifika 100 umebaki na robo saa. Kwa mtu aliye mita 8 kwenye harusi yetu, siku yake inaishia baada ya saa 3 na dakika chache. Aliye mita 4 ana dakika kama 47. Wale mashangazi waliopewa meza ya heshima mita 2 kutoka kwenye bafle wana dakika 12. Mtoto aliye mita 1 ana dakika 3, na yule wa shavu hata mita 1 hakuwa nayo. Harusi ilianza saa saba mchana ikaisha saa kumi na mbili jioni.

Katika hesabu hii kuna siri moja ambayo ningependa ikae kichwani mwa kila msomaji. Ukirudi nyuma hadi umbali wako ukawa mara mbili, sauti inashuka desibeli 6, na desibeli 6 ni hatua mbili za desibeli 3. Maana yake muda wako wa salama unakuwa mara nne. Toka mita 1 hadi 2, mara nne. Toka 2 hadi 4, mara nne tena. Hakuna dawa ya hospitali inayofanya kazi kwa kasi hiyo, na bei yake ni hatua za miguu.

Na kipimo hicho kiliwekwa kwa wafanyakazi watu wazima. Shirika la Afya Duniani, kwa usikilizaji wa starehe, linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto asizidi 75 kwa saa hizo hizo. Kwa mtoto, basi, hata zile dakika 3 nilizompa ni ukarimu wa kupita kiasi.

Ndani ya sikio, nyuma kabisa ya ngoma yake na vifupa vitatu, kuna mfuko wa maji uliojikunja kama gamba la konokono. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti inapoingia, maji yanatikisika, vinyweleo vinapinda, na kupinda huko ndiko ubongo unakokuita sauti. Sauti kubwa inavilaza vinyweleo kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Ndiyo maana ukitoka harusini masikio yanaziba kama yamejazwa pamba, na kuna mlio. Kesho yake vingi vimeinuka, na unasema nimepona. Lakini mabua yanayolazwa kila Jumamosi na kila Jumapili kuna siku hayainuki, na mwili wa binadamu hauoteshi seli hizo upya. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha jambo baya zaidi: hata pale usikivu uliporudi sawasawa kwenye vipimo, nyuzi nyingi zinazounganisha seli hizo na mshipa wa fahamu zilikuwa zimekatika kabisa. Sikio linaweza kufaulu mtihani huku limejeruhiwa.

Seli zinazokufa mapema ni zile zilizo karibu na mlango wa konokono, zinazopokea sauti nyembamba. Pigo la kwanza huonekana kwenye mitetemo kama 4000 kwa sekunde. Ukitaka kujua maana yake kwa Kiswahili, tamka polepole maneno haya: saa, taa, faa, kaa. Ule mvuto mrefu wa "aa" ni sauti nene, na utabaki nao hadi uzeeni. Kinachotofautisha neno na neno ni kile kipande kidogo cha mbele, s, t, f, k, na vipande hivyo vinaishi kwenye sauti nyembamba. Aliyeumizwa na bafle hawi kiziwi wa kutosikia. Anasikia kwamba umesema, ila hajui umesema nini. Anaambiwa "zima taa" anajibu ni saa tisa. Nyumbani wanamcheka, baadaye wanamkasirikia, mwishoni wanaacha kumweleza mambo. Mimi nimeshafika kwenye hatua ya kukasirikiwa.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi au Dar es Salaam halazimiki kulifikiria. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuizunguka Beni, sikio limekuwa mlinzi wa nyumba. Watu wa Mulekera tunalala tukisikiliza. Tunajua kutofautisha mlango uliopigwa na upepo na mlio uliotoka msituni, tunajua risasi ya mbali na ya karibu, na jirani akiona hatari anapuliza filimbi au kugonga sufuria. Filimbi hiyo inalia kwenye sauti nyembamba, jirani kabisa na pale pale ambapo bafle hutoboa kwanza. Kijana anayepoteza mtetemo wa 4000 kwa sekunde bado atasikia besi ya harusi kutoka upande wa pili wa mji. Filimbi ya jirani, akiwa amelalia sikio lililo zima, huenda isimwamshe. Sijawahi kusikia jambo hili likitajwa katika mkutano wowote wa usalama, na naona lilistahili kutajwa.

Kwa harusi, angalau mtu haolewi kila wiki. Waliomo kwenye hatari ya kudumu ni watu wa kanisa, nami nasema hivyo kama mtoto wa kanisa. Kwaya hufanya mazoezi siku mbili au tatu kwa wiki, halafu Jumapili nzima, na katika msimu wa kampeni za injili kila jioni. Jengo lenyewe linashirikiana na bafle: kuta za saruji, sakafu ya saruji, juu mabati. Mahali pa wazi sauti inaondoka hairudi. Ndani ya jengo kama hilo inagonga ukuta na kurudi, inagonga bati na kurudi, hata ile hesabu ya kupungua desibeli 6 inakufa baada ya hatua chache. Mtu wa safu ya mwisho anapata sauti karibu sawa na wa katikati. Ila anapata matope: neno la kwanza la mchungaji halijaisha kulia, la pili limeshaingia.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika, na nimelifanya mwenyewe mamia ya Jumapili. Mzee wa kanisa anatoka nyuma, anamwinamia fundi na kumwambia: "Mwanangu, huku nyuma hatusikii." Fundi anaongeza. Sasa wa nyuma anapata matope makubwa zaidi, na wa mbele anapigwa. Ugonjwa ulikuwa mwangwi, dawa iliyotolewa ni nguvu. Ili ujue ugonjwa ni upi, ingia kanisani likiwa tupu, piga kofi moja, usikilize mkia wake. Ukiwa mrefu wa kuhesabika, kuongeza sauti hakutasaidia mtu. Kinachosaidia ni kumeza mwangwi: vitenge vizito au mapazia kwenye ukuta wa nyuma, mikeka, watu wengi waliovaa nguo, na mabafle yaliyoelekezwa kwenye vifua vya watu badala ya kuelekezwa ukutani au kwenye bati.

Kosa la pili halina mkosaji anayeonekana. Mpiga ngoma anapiga kwa nguvu, kwa hiyo mwenye gitaa anajiongeza ili ajisikie. Mwenye kinanda naye anajiongeza. Waimbaji hawajisikii, mikro zinaongezwa, mikro zinaanza kupiga ule mlio mkali unaochoma kichwa, fundi anakimbia kushusha, kisha anapandisha tena kidogo kidogo. Katikati ya yote sikio la fundi limechoka. Sikio lililochoka husikia kidogo, kwa hiyo linaomba zaidi, naye analipa bila kujua. Niliwahi kubandika kipande cha utepe mweupe kwenye kitasa cha ampli pale tulipoanza ibada saa tatu asubuhi. Saa saba mchana kitasa kilikuwa kimepita utepe kwa kiasi kikubwa sana, na hakuna mtu aliyekumbuka kukigusa. Tangu siku hiyo utepe ulibaki pale kama sheria. Ni mbinu ya bei ya sifuri na naipendekeza kwa kila fundi mwenye ampli mkononi mwake.

Msikiti una kifaa cha aina nyingine: pembe, kile kipaza sauti chenye mdomo mpana wa bati. Pembe ni kali kuliko bafle, kwa wati hiyo hiyo inalizidi kwa desibeli kumi au zaidi ya hapo, na nguvu yake yote inakwenda mbele kwa mstari kama mwanga wa tochi. Ikiwekwa juu ya mnara, mstari huo unapita juu ya vichwa, na muadhini aliye ndani au anayepita chini ya mnara yuko nje ya tochi. Kwa hiyo mnara mrefu ni ulinzi wa waumini wenyewe. Hatari huja pale pembe inapofungwa kwenye ukuta mfupi au juu ya mlango, ikitazama ua ambamo watoto wa madrasa wanatawadha na kucheza. Hatari hiyo hiyo inazunguka mjini kila siku juu ya magari na pikipiki za matangazo. Pembe ya wati 30 inatoa zaidi ya desibeli 120 kwa mita 1. Gari likisimama kwenye msongamano, kichwa cha mwenye pikipiki aliyesimama nyuma yake kiko sawasawa na mdomo wa pembe. Kwa sauti hiyo hatuhesabu tena dakika. Tunahesabu sekunde.

Najua nitakachojibiwa. Harusi ya kunong'ona si harusi. Sherehe lazima isikike kifuani. Jibu hilo nalichukua kwa uzito, kwa sababu najua linatoka wapi. Mji uliozika watu wengi kama Beni una haki ya kucheka kwa sauti kubwa, na siku ambayo familia imekusanyika salama, wote hai, bibi arusi amevaa, hakuna anayetaka kuambiwa apunguze furaha. Simwambii mtu apunguze furaha. Namwambia ahamishe bafle.

Turudi Kasabinyole tuipange harusi ile upya, kwa vifaa vile vile pamoja na vidogo viwili vya kuongeza. Kwanza, bafle litoke chini. Liweke juu ya stendi, au juu ya meza mbili imara zilizofungwa pamoja, hadi katikati yake ifike mita 2 na nusu, likiinamishwa kidogo kuelekea safu za nyuma. Kwa mgeni aliye mita 16 hakuna kilichobadilika. Kwa mtoto aliyesimama mbele yake, mdomo wa bafle uko juu ya kichwa chake, karibu mita 2 kutoka sikioni, na zile sauti nyembamba zenye kutoboa, ambazo hutoka kwa mstari, zinampita juu. Pili, kamba. Kamba ya katani, au hata safu ya vyungu vya maua, mita 3 mbele ya kila bafle, na mtu asipite. Sasa sikio la karibu kabisa liko zaidi ya mita 3 kutoka kwenye spika.

Tatu, na hili ndilo mafundi wetu wengi hawalifanyi: weka mabafle mawili madogo katikati ya umati, mita 8 kutoka yale ya mbele. Sababu inayofanya yale ya mbele yapige kwa nguvu ni mgeni wa mwisho. Mgeni wa mwisho akipata bafle lake mita 8 karibu naye badala ya 16, yale ya mbele yanaweza kushushwa desibeli 6 na bado yeye anasikia kama alivyosikia mwanzo, tena kwa maneno safi zaidi. Usiyapeleke mbali mno, maana sauti hutembea mita kama 340 kwa sekunde, na yakitengana zaidi ya mita 17 hivi wa nyuma ataanza kusikia kila neno mara mbili. Kwa mita 8 hakuna tatizo.

Piga hesabu upya. Pale mbele ya kamba sasa ni kama desibeli 90, pengine pungufu. Kutoka dakika 3 tumefika zaidi ya saa 2, na kwa meza zilizo mbali na bafle lolote hakuna tena wa kuhesabiwa muda. Nyimbo ni zile zile, fundi ni yule yule. Wanaotaka kusikia besi kifuani wasogee hadi kwenye kamba, wacheze nyimbo tatu nne, warudi kukaa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo cha kimataifa kwa kumbi na matukio ya mziki: wastani usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15, sauti ipimwe wakati tukio linaendelea, mabafle yapangwe vizuri, watu wapewe vizibo vya masikio, na pawepo mahali patulivu pa kupumzisha sikio. Naiheshimu orodha hiyo, ila nawatahadharisha wanaoisoma haraka. Hiyo 100 ni dari. Mtu anayekaa chini ya dari hiyo kwa saa tano ameipita kadiri yake kwa mbali. Ndiyo maana mahali patulivu pametajwa, na katika ua wa kwetu mahali hapo papo bila gharama: nyuma ya nyumba, kule jikoni.

Vizibo vya sponji havipatikani kila duka la Mulekera, lakini vikipatikana vina namna yake. Kisokote kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama kijiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha ukishike nusu dakika kivimbe. Kikiwa kimening'inia nje hakifanyi kazi. Pamba kavu au karatasi ya chooni hupunguza kidogo mno, na inamdanganya mtu akae zaidi. Kidole kilichoziba tundu la sikio sawasawa ni bora kuliko pamba, kwa hiyo mtoto anapoziba masikio msimkemee kwamba anawavunjia wageni heshima. Yeye ndiye anayesikia vizuri kuliko sisi sote.

Huhitaji mashine ili ujue umekaa pabaya. Nyoosha mkono umguse jirani yako begani. Kama kwa umbali huo unalazimika kupaza sauti ili akusikie, umeshapita 85. Kama ukitoka masikio yameziba au yanalia, umeshaumia kidogo, na unapaswa kuyapa utulivu siku inayofuata. Kama mlio au kuziba kumevuka siku moja, au sikio moja limepotea ghafla, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, usingoje wiki. Kwa uziwi wa ghafla kuna dawa zinazoweza kusaidia zikianzwa ndani ya siku chache, na baada ya hapo nafasi inafungwa haraka.

Jumamosi hii kutakuwa na harusi tena Mulekera, na Jumapili ibada. Ndugu yangu fundi wa sono, kabla hujawasha ampli, simama mbele ya bafle lako, hesabu hatua nne ndefu, funga kamba hapo. Na wewe mama, wewe baba, wewe kaka uliyealikwa: ukiona mtoto amebandika sikio kwenye bafle, hata kama si wako, inuka umwondoe. Mimi nilichelewa dakika kadhaa.